Pensheni ya dola, maisha ya shilingi: maswali ya wastaafu wa Moshi na Arusha

Nilistaafu kutoka mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, nikarudi nyumbani Moshi, na tangu hapo kila mwezi napokea dola. Wastaafu wenzangu wako wengi kati ya Tengeru na Marangu: waliofanya kazi Umoja wa Mataifa, walioishi Uingereza na Ujerumani, wajane wanaopokea sehemu ya pensheni ya marehemu. Maswali yao hujirudia, tena mengi huulizwa tukiwa kwenye foleni ya benki. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Kwa mifano natumia pensheni ya dola 900 kwa mwezi, maana ni rahisi kuihesabu.

## Mambo ya mwanzo

Pensheni yangu haijabadilika. Mbona shilingi ninazopata zinapanda na kushuka?

Kwa sababu wewe hulipwi shilingi. Unalipwa dola, halafu mwezi kwa mwezi unaziuza kwa benki, hata kama hujawahi kusema neno "nauza". Bei ya dola huamuliwa na soko la benki kwa benki: zikiingia dola nyingi nchini, bei inashuka, na zikiadimika inapanda. Watalii wa Serengeti na wapanda mlima wanaoshukia KIA, dhahabu, korosho na mazao mengine ndivyo vinavyoleta dola. Ndiyo maana kwa kawaida shilingi hupata nguvu nusu ya pili ya mwaka, na hulegea kuanzia Januari mpaka Mei, wageni wanapopungua na mvua za masika zinapoanza.

Hapo kuna jambo ambalo mstaafu wa dola hulizoea polepole. Redio ikitangaza kwamba shilingi imeimarika, jirani anafurahi, wewe kipato chako kimepungua.

Kwenye tovuti ya Benki Kuu nimeona bei moja, benki wamenipa nyingine ya chini. Nimeibiwa?

Hapana, umesoma safu isiyokuhusu. Benki Kuu hutangaza kila siku bei ya kununua, bei ya kuuza na wastani wake. Wewe unayeleta dola unahusika na bei ya *kununua*, yaani bei ambayo benki inanunua dola kutoka kwako. Tena kila benki ina bei yake, na huwa chini ya ile ya Benki Kuu kwa sababu faida yao iko hapo katikati.

Unachoweza kufanya ni kulinganisha. Siku moja, saa moja, piga simu benki mbili tatu na uulize bei ya kununua dola zilizoko kwenye akaunti, si dola za noti, maana hizo mara nyingi zina bei tofauti. Shilingi 30 kwa kila dola zinaonekana kama chenji ya kununulia pipi, lakini kwa dola 900 ni shilingi 27,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni 324,000. Ukiwa unauza kiasi kikubwa kwa mkupuo, usikubali bei ya ubaoni kabla hujaomba bei maalumu. Mhudumu wa dirishani hana mamlaka nayo, lakini anaweza kupiga simu makao makuu kwa kitengo cha fedha za kigeni. Omba kwa upole na usiondoke dirishani mpaka apige.

Pensheni iingie akaunti ya shilingi au ya dola?

Ya dola, kama benki yako inakufungulia, na benki nyingi hufungua. Ikiingia akaunti ya shilingi, benki inazibadilisha zote siku hiyohiyo kwa bei ya siku hiyo, bila kukuuliza. Akaunti ya dola inakupa uamuzi wa kuuza kiasi gani na lini, na mpango wote ninaoueleza hapa chini unautegemea uamuzi huo.

Uliza mapema makato ya mwezi, makato ya kuhamisha kwenda akaunti yako ya shilingi, na makato ya kuchukua noti za dola. Hayo ya mwisho huwa makali kwenye baadhi ya benki. Mimi noti sichukui kabisa: nahamisha kwa simu kwenda akaunti ya shilingi, basi.

## Kupanga matumizi

Nipange bajeti kwa bei gani ya dola?

Si kwa bei ya leo. Hili nimelijifunza kwa hasara yangu, nitalieleza kwa kirefu kidogo.

Mwanzoni mwa Oktoba 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,700 kwa wastani wa soko. Benki ilininunulia kwa 2,680, dola zangu 900 zikawa shilingi 2,412,000. Nilikuwa nimeshazoea miezi kadhaa ya kiasi kama hicho, nikaona ndicho kipato changu. Nikamwambia mjukuu ada ya Januari ipo. Nikamwita fundi amalizie chumba cha nyuma, kwa makubaliano ya kumlipa kidogokidogo.

Katikati ya Desemba dola ikaporomoka chini ya 2,400. Benki ikaninunulia kwa 2,330, na dola zilezile 900 zikaleta 2,097,000. Zimepotea shilingi 315,000 ndani ya miezi miwili, na ukijua Desemba ya Uchagani ilivyo, utaelewa: watoto wamerudi kutoka Dar, kuna mbuzi, kuna mchango wa harusi ya kila upande wa ukoo. Fundi nilimsimamisha mabati yakiwa yamelala uani. Yalikaa hapo mpaka Machi, kuku wakitagia chini yake.

Tangu hapo nina bei yangu ya bajeti. Nilichukua karatasi za benki za miaka miwili, nikatafuta bei ya *chini kabisa* niliyowahi kununuliwa, yaani hiyo 2,330, nikaishusha kidogo mpaka 2,300. Dola 900 mara 2,300 ni shilingi 2,070,000. Hicho ndicho kipato changu. Chakula, umeme, dawa, mfanyakazi wa shamba, sadaka na akiba ya ada, vyote vinaishia ndani ya hapo.

Sasa bei ikiwa juu ya hiyo ya bajeti, ile ziada naifanyia nini?

Usiiuze. Kila mwezi uza dola zinazotosha kupata shilingi za bajeti, na zinazobaki ziache kwenye akaunti ya dola. Benki ikinunua kwa 2,600, ili nipate 2,070,000 nauza dola 796 tu, na 104 zinabaki. Bei ikishuka mpaka 2,200, nahitaji dola 941, kwa hiyo nachota dola 41 kwenye zilizobaki za nyuma. Nyumbani hawajui kama dola imepanda au imeshuka, maana shilingi zinazoingia ni zilezile.

Lengo langu ni kuwa na akiba isiyopungua pensheni ya mwezi mmoja, dola 900. Kwa kuchota dola 41 kila mwezi, hiyo inanivusha karibu miezi 22 ya bei mbaya. Ikizidi dola 1,800, ndipo ya ziada naiondoa kwa jambo la mara moja: bati, meno, tanki la maji. Siipeleki kwenye matumizi ya kila mwezi, kwa sababu ukishamzoesha mtu posho ni vigumu kuipunguza.

Bei ya bajeti nibadilishe lini?

Mimi huitazama mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Ikiwa bei ya benki imeshuka chini ya bei yangu ya bajeti na imekaa huko miezi mitatu, naishusha bajeti papo hapo, siingoji Julai. Kupandisha sina haraka: mpaka dola iwe imekaa juu mwaka mzima, na hata hapo napandisha nusu tu ya tofauti. Mke wangu anasema mimi ni mchoyo. Pengine. Lakini dola iliyokuwa chini ya 2,400 ile Desemba ilirudi karibu na 2,700 kabla ya katikati ya 2025, kisha ikashuka tena kuelekea 2,450 kufikia Septemba. Aliyebadilisha bajeti kila ilipogeuka alihangaika mara tatu ndani ya mwaka mmoja.

Je, nisubiri dola ipande ndipo niuze?

Kwa fedha ya kula, hapana. Jirani yangu mmoja, mstaafu wa shirika la misaada, alikaa na dola za miezi minne akisubiri zifike 2,800. Huku akisubiri, alikopa kwenye kikundi kwa riba ili anunue chakula cha ng'ombe. Hata kama dola ingefika alipotaka, riba ingekuwa imeshaila faida.

Msimu nilioutaja juu unaweza kukusaidia katika jambo dogo: kama una malipo makubwa ya Septemba au Desemba, kuziuza dola zake Aprili au Mei mara nyingi hakuna ubaya, ukaziweka mahali penye riba, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS au amana ya muda maalumu. Nasema "mara nyingi" kwa makusudi.

Dola ikitulia miaka kadhaa, si ndiyo nafuu?

Hiyo ndiyo inayowadanganya wengi. Kati ya 2016 na 2022 dola ilizunguka kati ya shilingi 2,200 na 2,300 na kidogo. Hakuna aliyelalamika kuhusu dola. Lakini bei za vitu nchini zilikuwa zinapanda asilimia tatu hadi tano kila mwaka, na kwa kipindi chote hicho ni zaidi ya asilimia 20. Mwenye dola 900 alipata shilingi karibu zilezile, zikinunua pungufu ya moja kwa sita au zaidi. Hakukuwa na siku ya mshtuko kama Desemba 2024, ndiyo maana hatukuona.

Angalia kwa hiyo kama pensheni yako huongezwa kwa mfumuko wa bei, na wa nchi gani. Pensheni ya Umoja wa Mataifa kwa njia ya dola hufuata bei za Marekani, si bei ya ndizi Mbuyuni.

## Bei zinazofuata dola

Mwenye nyumba Arusha anadai kodi kwa dola. Nami nina dola. Nimlipe?

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja bei au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kodi ya nyumba ya Njiro au Sakina imo humo, na ada ya shule pia. Kuwa na akaunti ya dola si kosa, wala kupokea pensheni ya dola. Kosa ni kudai au kulipa humu ndani kwa dola.

Mkataba wenu ugeuzeni uwe wa shilingi, na hapo ndipo uwe macho. Wenye nyumba wengine wanaandika shilingi lakini wanaweka kifungu kwamba kodi itafuata bei ya dola. Wewe ambaye fedha yako ni dola, kifungu hicho hakikuumizi sana: dola ikipanda, na shilingi zako zinapanda. Anayeumia ni mpangaji wa mshahara wa shilingi. Bado mimi ningetaka kiasi cha shilingi kisichobadilika kwa mwaka mzima, kihesabiwe kwa bei inayojulikana, na kiandikwe kwa tarakimu.

Ni matumizi gani nisiyabadilishie kuwa shilingi?

Yale ambayo kweli utayalipa nje: matibabu India, ada ya mtoto aliyeko chuo nje, tiketi ya kwenda kumwona binti Leicester. Ukiuza dola 500 leo kwa 2,430 kisha baada ya miezi miwili uzinunue kwa 2,500, umepoteza shilingi 35,000 kwa kuzungusha tu, hata kama soko halijasogea hata kidogo. Zitenge dola hizo mapema, usizihesabu kwenye akiba niliyoieleza.

Kuna pia vitu vinavyolipwa kwa shilingi lakini bei yake ina dola ndani: mafuta ya gari, vipuri, dawa kutoka nje. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hubeba gharama za shehena zilizonunuliwa nyuma. Kwa hiyo dola ikishuka leo, usitegemee petroli ishuke kesho. Maziwa ya jirani na mbege havijui dola.

## Wasiopokea dola ya Marekani

Pensheni yangu ni ya pauni (au yuro). Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu, ila wewe una mizani mbili. Bei ya pauni hapa hupatikana kwa kupitia dola: pauni moja ikiwa dola 1.27, na dola ikiwa shilingi 2,600, pauni ni kama shilingi 3,302. Upande wowote ukisogea, wewe unasogea.

Wakati mwingine pande hizo zinafidiana. Mwaka 2025 yuro ilipanda kutoka dola 1.03 hivi Januari hadi karibu 1.17 katikati ya mwaka, kwa hiyo shilingi ilipoimarika dhidi ya dola, wastaafu wa Ujerumani hawakuumia kama sisi. Wakati mwingine zinakuangusha zote pamoja. Ndiyo maana bei yako ya bajeti uitafute kwenye karatasi za pauni au yuro zenyewe, wala usichukue ya dola ukaizidisha.

Ya Uingereza haijaongezeka tangu nihamie huku. Wamekosea?

Hawajakosea. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa walioko nchi fulani tu, na Tanzania haimo. Inabaki kiasi kilekile cha siku uliyoanza kuipokea ukiwa huku, au cha siku uliyohama. Wewe basi una tatizo la swali la dola iliyotulia, tena kwa ukali zaidi: panga bajeti yako ukijua kwamba kila mwaka itanunua pungufu. Pia huwa wanalipa kila baada ya wiki 4 au wiki 13, si kwa mwezi, hivyo tarehe itakuwa inahama kwenye kalenda yako.

Umoja wa Mataifa wananiambia naweza kuchagua njia ya fedha ya nchi ninayoishi. Nichague?

Kwanza tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuomba pensheni *ilipwe* kwa shilingi ni kubadilisha mahali pa kuchenji tu. Kuingia njia hiyo ya fedha ya nchi ni jambo jingine: wanakupigia hesabu nyingine ya pensheni kwa fedha ya nchi unayoishi, kwa kutumia wastani wa bei ya miezi 36 hadi ulipoacha kazi, na baadaye inaongezwa kwa mfumuko wa bei wa nchi hiyo. Lazima uthibitishe makazi, na ukishaingia, kutoka si rahisi. Ulizia kwa maandishi kama njia hiyo inatumika kwa nchi yako kwa wakati huo, na uombe hesabu za njia zote mbili kabla hujasaini.

## Mambo ya pembeni

Mwezi huu zimeingia dola 880 badala ya 900. Nani kachukua 20?

Mara nyingi ni benki ya katikati. Fedha haiji moja kwa moja kutoka mlipaji hadi Moshi, hupitia benki nyingine njiani, nayo hukata chake. Omba benki yako ikupe nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo hayo, uangalie sehemu ya makato: `OUR` maana yake mtumaji analipa makato yote, `SHA` mnagawana, `BEN` unayabeba wewe. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi ndipo umwandikie mlipaji. Kama kinakatwa kiasi kilekile kila mwezi, kiingize kwenye bajeti: pensheni yako ni 880.

Kuna kijana karibu na Mnara wa Saa ananunua dola kwa bei nzuri kuliko benki.

Achana naye. Hana leseni, na ukipewa noti bandia huna risiti ya kumdai. Tulioishi Arusha tunakumbuka Novemba 2018, maduka ya kubadilisha fedha yalipovamiwa na mengi kufungwa. Siku hizi yapo yenye leseni, na hayo yakufae kwa noti alizokuachia mgeni. Pensheni iliyoko kwenye akaunti haina sababu ya kugeuzwa noti kwanza.

Pensheni haijaingia kabisa. Dola imefanyaje?

Dola haihusiki. Angalia kama ulirudisha fomu ya mwaka ya kuthibitisha kuwa uko hai. Mifuko mingi ya nje husimamisha malipo isipoipata, na hurejesha ikishaipata, pamoja na malimbikizo. Fomu ya karatasi hupotea njiani, kwa hiyo kama mfuko wako una njia ya simu, itumie. Malimbikizo yakija kwa mkupuo, yauze kidogokidogo kwa utaratibu uleule wa bajeti.

Nikifa, mke wangu ataendelea kuchukua?

Pensheni yako inakoma. Yake ya ujane ni nyingine, kwa kawaida ndogo, na lazima aiombe mwenyewe kwa cheti cha kifo na cha ndoa. Kinachowaponza wengi ni kwamba malipo huendelea kuingia mwezi mmoja au miwili kabla taarifa haijafika, familia inayatumia kwenye msiba, kisha mfuko unadai urudishiwe, kwa dola, wakati shilingi zimeshakwenda kwenye turubai na pilau. Andika kwenye bahasha namba yako ya pensheni na anwani ya mfuko, umwonyeshe mkeo inapokaa. Mwambie pia kwamba dola zitakazoingia baada ya tarehe ya kifo zikae kwenye akaunti ya dola, asiziuze mpaka mfuko umjibu.